Crazy Time na ruleti: ipi inarudisha zaidi?

"Wadau, mbona Crazy Time ina vizidishi vikubwa hivyo halafu mnasema ruleti inarudisha zaidi?"

Kwa sababu vizidishi vinalipwa kwa pesa iliyopunguzwa kwenye malipo ya kawaida. Crazy Time ni gemu ya laivu ya gurudumu lenye vipande 54, na 21 kati yake ni namba 1. Weka buku kwenye 1 mizunguko 54: umetoa 54,000. Ikitoka mara 21, kila mara unapewa 2,000, jumla 42,000. Hiyo ni kama 78 kwa 100. Kinachoifikisha 96.08 ni kile kisanduku cha juu ya gurudumu kinachotoa vizidishi, na lazima kikuoneshee namba yako mzunguko uleule gurudumu linapotua kwenye namba hiyo. Jioni moja unaweza usione vikilingana. Ruleti ya sifuri moja, buku kwenye nyekundu mara 37, kwa wastani inarudisha 36,000, yaani 97.3.

Anayesema Crazy Time inarudisha kidogo kwa sababu ya gharama za studio yuko nusu sahihi, ila hata ruleti laivu ina mtu anayelipwa.

Dogo mmoja hapa kinyozi Ngarenaro anawekea tu kile kipande cha gurudumu chenye jina la gemu, Crazy Time. Nilimfungulia maelezo ndani ya gemu: kipande hicho kinarudisha 94.41 kwa 100. Akasema anangoja kizidishi.

Ila ruleti ya sifuri mbili ni 94.7, hivyo angalia meza kwanza.