Wasifu wa VHT: anza na rejista

"Nimekuwa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, huku Busia, Uganda, miaka mitatu, kwa kujitolea. Kwenye wasifu niandike nini?"

Dada, "nilihamasisha jamii" iache, kila mtu anaiandika. Fungua rejista yako uhesabu. Kaya 28, kila moja mara moja kwa robo mwaka, ni ziara 112 kwa mwaka. Basi andika: "Nilitembelea kaya 28 kila robo mwaka, nikapima malaria watoto chini ya miaka 5 kwa kipimo cha haraka, nikajaza fomu HMIS 097, ripoti ya VHT ya kila robo mwaka." Usiongeze chumvi, maana kwenye usaili watakuuliza hiyo 28 ilitoka wapi, na wengine humpigia msimamizi wako pale kituo cha afya.

Mafunzo: mada, siku ngapi, ulihudhuria au uliendesha. Yatosha.

Kuna aliyekushauri utaje lugha zote unazozijua; amepatia nusu. Zitenganishe: Lusamia, naongea na kuandika; Ateso, nasalimia na kuelewa kidogo. Mimi niliandika "Ateso" tupu, nikapewa dodoso la kutafsiri papo hapo. Jasho lilinitoka.