Herufi moja ya jina la baba ilivyonitoa jasho

Juzi binti mmoja ameniandikia: "Shikamoo dada. Cheti kinasema Saidi, paspoti inasema Said. Nimepata nafasi ya shahada ya pili Ujerumani. Nifanyeje?" Nilicheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikakata. Yangu ilikuwa Rashidi na Rashid.

Waliotusajili kwa mtihani wa kidato cha nne waliandika jina la baba kama tunavyolitamka, na chuo kikafuata cheti hicho. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vilisema Rashid, na paspoti ikafuata huko. Miaka 7 hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza ni chuo cha nje, zikiwa zimebaki siku 12.

Nikakimbilia kwa wakili mmoja karibu na kituo cha daladala. Akachapa kiapo, nikaapa, akagonga muhuri, nikalipa, nikatuma. Chuo kikajibu: jina la pili ni lipi? Nikakisoma upya: "Rashid na Rashid ni mtu mmoja." Ile "i" ilikuwa imeliwa kwenye karatasi ya kuitetea! Mpaka leo nikipita pale sisalimii.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na cheti cha kuzaliwa. Kama kinakubaliana na paspoti, paspoti usiiguse. Tafuta kiapo kinachotamka kwamba majina yote mawili ni yako. Kama kinakubaliana na vyeti vya shule, basi kosa liko NIDA na kwenye paspoti. Rekebisha NIDA kwanza, ndipo uende Uhamiaji, maana paspoti mpya inaombwa kwa kitambulisho hicho. Kungoja Baraza la Mitihani likuchapie cheti kipya kwa ajili ya herufi moja ni kupoteza muda.

Wengine watakutisha uende ukafanye didi poli. Hiyo ni hati ya kuacha jina moja na kushika jingine, na husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wewe hujaacha jina lolote. Chuo kikiitaka kwa maandishi, haya, fanya.

Kwenye kiapo, kila jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati yake, herufi kwa herufi, likifuatiwa na namba ya paspoti, au namba ya mtihani na mwaka wake. Tarehe ya kuzaliwa iwemo. Kiwe kwa Kiingereza kama kinakwenda nje. Na ukisome kabla ya kuapa, kidole kwenye karatasi, hata wakili akikunja uso. Wasomi tunaona aibu kusoma mbele ya wakili, ndiyo maana tunalipa mara mbili.

Cha pili nilikiandika mwenyewe, wakili mwingine akanisainia. Fomu ya chuo na tiketi nikajaza jina la paspoti. Barua ya kukubaliwa ikaja imeandikwa Rashid. Baba akaishika, akaisogeza mbali na macho, akauliza nani kamkata mkia.