Kukubali ofa ya kazi huku ukiuliza tarehe ya kuanza na kifungu cha majaribio

*"Wadau, niko Kisumu na nimepata ofa ya kazi Nakuru kwa barua pepe. Wanataka jibu kufikia Ijumaa. Barua ya ofa inasema nianze Jumatatu tarehe 3 Agosti, mkataba unasema tarehe 1, ambayo ni Jumamosi. Kisha kuna kifungu kinachosema majaribio ni miezi sita 'na mwajiri anaweza kuyaongeza apendavyo'. Kazi yangu ya sasa ina notisi ya mwezi mmoja. Nikubali kwanza halafu niulize, ama niulize kwanza?"*

Fanya yote mawili katika barua pepe moja, ila uwe mwangalifu sana na jinsi unavyouliza. Nimekaa upande wa rasilimali watu miaka mingi, kwanza Nakuru na sasa huku Kisumu, na barua za namna hii ndizo nilikuwa nikizipokea.

Kinachoamua ni kama barua yako inauliza au inaweka sharti. Ukiandika "Nakubali, na naomba ufafanuzi kuhusu kifungu fulani", umekubali. Ukiandika "Nitakubali mkiondoa kifungu fulani", hujakubali bado. Umetoa ofa yako mwenyewe, na ile yao ya kwanza imekufa. Kenya tunafuata kanuni za mikataba za Kiingereza kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, na kanuni hii ni ya tangu 1840, katika kesi ya Hyde na Wrench. Mtu aliuziwa shamba kwa pauni 1,000, akajibu 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba, kwa kuwa jibu lake la 950 lilikuwa limeshaifuta ofa ya mwanzo.

Niliona jambo hilo likitokea ofisini. Kijana mmoja mzuri kabisa alituandikia kwamba "atakuwa tayari kujiunga iwapo" posho ya nyumba itapanda. Meneja alisoma neno "iwapo", akaniambia nimpigie wa pili kwenye orodha. Siku iliyofuata kijana akaandika kwamba amekubali ofa kama ilivyo, lakini nafasi ilikuwa imeshachukuliwa, na hakuwa na la kudai.

Sasa tuangalie maswali yako, maana hayafanani.

Kifungu cha majaribio unaweza kukiuliza bila wasiwasi, kwa sababu sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inasema majaribio yasizidi miezi sita. Yanaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine, lakini mfanyakazi akubali. Hiyo "apendavyo" ya mwajiri wako haina nguvu, kwa sababu kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo kinasema masharti yake ni ya chini kabisa na makubaliano ya kuyapunguza ni batili. Kwa hiyo hata wakikataa kuubadilisha mkataba, hujapoteza haki hiyo. Ndiyo sababu swali linatosha hapa, huhitaji sharti. Lingekuwa jambo ambalo sheria haikupangii, kama kiwango cha marupurupu au tawi utakalopelekwa, ningekwambia ulimalize kabla hujasema "nakubali".

Na usiwaandikie kwamba kifungu chao kinavunja sheria. Mara nyingi aliyekuandikia hakukitunga yeye. Amechukua mkataba wa zamani akabadilisha jina na mshahara. Muulize jinsi kinavyotumika, utaona atakavyokirekebisha mwenyewe.

Tarehe ni jambo lingine. Hapo hakuna sheria ya kukuokoa ukikubali siku usiyoiweza. Piga hesabu kabla ya kuandika. Tuseme wanakujibu mwishoni mwa wiki hii nawe unapeleka notisi Jumatatu tarehe 6 Julai. Mwezi mmoja unakufikisha tarehe 6 Agosti, ambayo ni Alhamisi. Hata mkataba wako wa sasa usingetaja notisi, sheria ingekudai siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 28 kuanzia kesho yake zinaisha Jumatatu tarehe 3, siku ile ile unayotakiwa kuripoti Nakuru. Kwa hiyo tarehe 1 na tarehe 3 zote mbili huziwezi, isipokuwa mwajiri wako wa sasa akuachilie mapema, au umlipe mshahara wa siku zilizobaki, jambo ambalo kifungu cha 36 kinaruhusu. Siku za likizo ambazo hujazichukua nazo huweza kusaidia akikubali zihesabiwe ndani ya notisi.

Kwa hiyo sema wazi ni siku gani unaweza, na sababu. Waajiri wengi hutarajia notisi, na siku chache haziwasumbui. Kinachowasumbua ni kuambiwa wiki ya mwisho.

Wengi wetu barua hii huiandika kwa Kiingereza kwa kuwa mkataba uko hivyo, basi fuata lugha ya mkataba wako. Umbo lake ni hili. Ijibu kwenye uzi ule ule waliokutumia, ili barua ya ofa ibaki chini yake:

> Bi. (jina),
>
> Asante kwa barua ya ofa ya nafasi ya (cheo), tawi la Nakuru. Nafurahi kuikubali kwa mshahara na masharti yaliyomo.
>
> Naomba mnithibitishie mambo mawili. Kwanza, barua ya ofa inataja tarehe 3 Agosti na mkataba unataja tarehe 1. Notisi yangu ya sasa itaisha Alhamisi tarehe 6 Agosti, hivyo ninaweza kuripoti Jumatatu tarehe 10. Je, siku hiyo inawafaa?
>
> Pili, kuhusu kifungu cha majaribio: je, yakihitaji kuongezwa, tutakubaliana kwa maandishi, na kwa muda usiozidi miezi sita?
>
> Nitapeleka notisi yangu mara nitakapopata uthibitisho wa tarehe.

Tazama kwamba "nafurahi kuikubali" iko peke yake katika aya ya kwanza, bila "lakini" wala "iwapo" nyuma yake. Na ile sentensi ya mwisho ina kazi kubwa: inawaeleza kwa upole kwamba kuchelewa kwao kujibu kunasogeza tarehe yako.

Barua ya ofa unaweza kuitia sahihi ukaiambatisha, lakini ukibadilisha tarehe kwa kalamu, weka ile mliyokubaliana na wao waweke sahihi kando yake. Mkataba wenyewe usiutie sahihi hadi urudi umerekebishwa.

Huenda wasijibu kwa barua bali wakakupigia simu, "hakuna shida, njoo tarehe 10, hayo mengine ni maneno tu". Washukuru, kisha siku hiyo hiyo waandikie mistari miwili: "Kama tulivyozungumza leo, nitaripoti Jumatatu tarehe 10 Agosti, na majaribio hayataongezwa ila kwa makubaliano ya maandishi. Tafadhali nisahihisheni kama nimekosea." Aliyekupigia anaweza kuhama kabla hujafika, na atakayekupokea atafungua faili tu.

Na barua ya kuacha kazi Kisumu isitoke kabla tarehe ya Nakuru haijathibitishwa kwa maandishi. Jibu likija Jumanne badala ya Ijumaa, peleka notisi Jumatano tarehe 8, mwezi uishe Jumamosi tarehe 8 Agosti, na bado Jumatatu tarehe 10 unaripoti. Likichelewa kupita hapo, waandikie tena uwape Jumatatu inayofuata, tarehe 17.