Koti Jeupe, Kucha Nyekundu na Saa ya Mkononi

Hospitalini nilipokelewa na daktari kijana, kavaa nguo za teatro, zile za chumba cha upasuaji, zimekunjamana, hana koti. Sikumwamini, hata sikumwambia kwamba vidonge vya presha nimeviacha wiki tatu. Nilikosea? (Mzee, Mikindani)

Shikamoo mzee wangu. Shaka si kosa, hatari iko kwenye kuficha. Yeye akikuta presha iko juu atadhani vidonge vimeshindwa, akuongezee vingine. Siku utakapoanza kuvimeza vyote pamoja, presha inaweza kushuka mno. Unainuka kitandani, kizunguzungu, chini. Rudi kabla ya kuanza hivyo vipya, ubebe pakiti zote, umwambie ukweli.

Kwenye nguo hauko peke yako. Utafiti wa Marekani wa 2018 uliuliza wagonjwa 4,062 wa hospitali 10, na zaidi ya nusu walisema mavazi ya daktari yana uzito kwao. Koti jeupe juu ya nguo za heshima ndilo lililopendwa zaidi, ingawa kwa daktari wa upasuaji au dharura nguo za teatro zilikubalika vizuri. Huenda kijana wako alikuwa ametoka kumshona mtu wa bodaboda. Ila kutokujitambulisha jina na cheo, kama hakujitambulisha, hilo ni lake.

Nesi aliyemchoma mwanangu sindano ana kucha za kubandika, nyekundu. Ni ushamba wangu kuogopa? (Mama Zuhura, Masasi)

Si ushamba. Chini ya kucha ndefu vijidudu hujificha na sabuni haifiki, tena kucha hutoboa glovu. Shirika la Afya Duniani linakataza kucha za bandia kwa wanaohudumia wagonjwa, na za asili linataka zisizidi nusu sentimita. Mwambie kwa upole, "Sista, samahani, naomba unawe kwanza." Kunawa kwenyewe, tangu maji hadi kukausha mikono, huchukua sekunde 40 hadi 60. Kugusa maji na kujipangusa kwenye sare si kunawa.

Daktari wetu siku hizi havai koti jeupe, na mikono ya shati ameikunja. Ametuzoea? (Nachingwea)

Mimi ningemwamini zaidi. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walipima makoti 100 ya madaktari, wakakuta uchafu wa vijidudu umezidi kwenye pindo za mikono na mifukoni. Ukitaka kuona, tazama koti lililovaliwa wiki nzima: pindo lina mstari wa kijivu, na ndilo linaloburuzwa kutoka kitanda hadi kitanda. Huko Uingereza, tangu 2008, watumishi wa wodini walitakiwa waache mikono wazi kuanzia kiwiko, bila saa wala bangili, maana chini ya mkanda wa saa hapanawiki. Manesi wa zamani walijua. Saa yao ilining'inia kifuani.

Na nesi mwenye mtandio?

Hana tatizo. Ncha ziingie ndani ya sare zisiguse kidonda, na mtandio ubadilishwe kila siku kama sare yenyewe.