Tumbo linalokata katikati ya mbio za jioni: anza kutazama chakula cha mchana

Wengi tunaokimbia jioni hapa mjini Unguja tunaijua hali hii, ingawa hatuisemi. Umeondoka Maisara vizuri, umepita Kilimani, na kabla hujafika Mazizini tumbo linaanza kunyonga chini ya kitovu. Ukipunguza mwendo linatulia kidogo. Ukiongeza, haja kubwa inakuja kwa nguvu ambayo huwezi kuizuia. Mwanamume atakimbilia choo cha msikiti ulio karibu. Mwanamke mara nyingi hana pa kwenda, na nimeona kina dada wakiacha mazoezi kabisa kwa sababu hii bila ya kumwambia mtu.

Hiki si kichomi. Kichomi kinachoma ubavuni, chini ya mbavu, na ukisimama ukavuta pumzi mara chache kinaondoka. Ninalolizungumzia mimi liko chini zaidi, linakwenda na mngurumo na gesi, na mwisho wake ni choo, mara nyingine choo laini au cha majimaji. Baada ya kwenda haja mtu hujisikia mzima, na jioni hiyohiyo akala chakula chake bila ya tatizo.

Sababu yake inaeleweka. Unapokimbia, mwili huielekeza damu kwenye misuli ya miguu na kwenye ngozi ili kutoa joto, na matumbo hubaki na kidogo. Kwa mtu anayekimbia kwa nguvu, damu ya matumbo inaweza kupungua hata kwa asilimia 80. Joto la hapa kwetu linazidisha jambo hilo, na upungufu wa maji unazidisha tena. Juu ya hayo kila hatua inalitikisa tumbo. Basi matumbo yakiwa matupu au na chakula chepesi, huvumilia. Yakiwa bado na kazi kubwa mbele yao, yanasukuma mzigo utoke. Ndiyo maana mtu huyohuyo hukimbia alfajiri bila ya shida, halafu jioni akaumia.

Na jioni zetu zina tatizo lake maalumu. Wengi wanatoka kazini au skuli alasiri, wanafika nyumbani wakiwa na njaa, na chakula kikuu cha siku kinaliwa mnamo saa 9 mchana. Ni wali, maharage ya nazi, mchicha, pengine na samaki wa kukaanga. Saa 11 wameshavaa viatu. Chakula hicho ni kizuri kwa mwili, sina ugomvi nacho, lakini mafuta ya nazi yanachelewesha tumbo kumwaga chakula, na maharage yana nyuzinyuzi pamoja na sukari ambazo utumbo mwembamba hauzimeng'enyi. Zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima, vijidudu vinazila na kutoa gesi. Mlo wa namna hiyo unahitaji saa 3 mpaka 4 kabla ya kukimbia, nao unapewa mbili.

Katika kikundi chetu kuna dada mmoja, mwalimu, ambaye nilikaa naye tukalifuatilia jambo hili mpaka mwisho. Kila akifika kilomita ya tatu au ya nne alikuwa anajitenga na kurudi kwa miguu. Nilimwomba aandike mambo manne tu kwenye daftari: amekula nini, saa ngapi, amekunywa nini, na tumbo lilianza dakika ya ngapi. Tulipolisoma daftari pamoja tuliona mara moja kwamba siku za Jumapili asubuhi, anapokimbia kabla ya kula, hakuna hata mstari mmoja wa maumivu. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu utumbo wenye ugonjwa hausubiri jioni.

Tukabadilisha kitu kimoja kwanza. Maharage, nazi na mboga za majani vilihamia usiku, baada ya mazoezi. Mchana alikula wali mweupe kiasi cha sahani ndogo na kipande cha samaki wa kuchemsha, saa 7, wakati wa mapumziko ya skuli. Saa 9 na nusu alipofika nyumbani na njaa yake alikula nusu boflo na asali kidogo, au ndizi mbivu moja. Boflo jeupe linasifiwa kidogo siku hizi, lakini kwa saa ile ndilo linalofaa, kwa sababu nyuzinyuzi zake ni chache na linatoka tumboni haraka. Mkate wa unga usiokobolewa ule asubuhi.

Mnyongo ukapungua sana. Haja ya ghafla ikabaki, ingawa si kila siku. Nikamuuliza, "Bibie, na chai ya saa 10 unaiandika?" Alikuwa haiandiki, maana kwake chai si chakula. Kumbe kila alasiri kwa mama mkwe wake anapewa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, na kukikataa ingekuwa ukosefu wa adabu. Watu wazima wengi wa pwani yetu hawana tena uwezo mzuri wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mtu anaweza kunywa kikombe akiwa amekaa asisikie lolote, lakini akikimbia juu yake sukari ile isiyomeng'enywa inavuta maji ndani ya utumbo na kuleta choo laini.

Ila chai yenyewe nayo, ikiwa ya moto, huamsha utumbo mpana hata bila ya maziwa, sawa na kahawa. Kwa hiyo hatukuiondoa yote kwa pamoja. Alimwambia mama mkwe ukweli, naye akamtengenezea chai ya rangi yenye tangawizi, kikombe kilekile, saa ileile. Haja ya ghafla ikakoma. Tulijua basi kwamba mwenye kosa ni maziwa, na hakulazimika kuacha kukaa na mama yake alasiri. Angeacha chai, maharage na nazi vyote siku moja, mpaka leo asingejua ni kipi kinachomdhuru, na angeishi akiogopa vyakula visivyo na hatia. Ukijaribu jambo, lipe mbio kadhaa za urefu na kasi ileile kabla hujaamua.

Yaliyobaki yalikuwa maji. Hapa naona watu wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaoogopa kunywa ili tumbo lisijae, wanafika saa 11 mkojo wao una rangi ya chai. Wapo wanaojimiminia chupa nzima wakiwa wanafunga kamba za viatu, kisha maji yanacheza tumboni njia nzima. Mwalimu wetu alikuwa kundi la kwanza. Tulimpima uzito kabla na baada ya mbio za saa moja: kilo 62.0 akiondoka, 61.2 akirudi, na njiani amekunywa mililita 200. Maana yake ametoa jasho la karibu lita moja. Hahitaji kulirudisha lote akiwa njiani, lakini hafai kuanza mbio akiwa tayari amepungukiwa.

Sasa hunywa glasi mbili, kama mililita 400 hadi 500, kati ya saa 8 na saa 9, akapata muda wa kukojoa yaliyozidi. Robo saa kabla ya kuondoka anaongeza mafunda machache. Njiani ananywa kidogokidogo kila baada ya dakika 20. Kwa mbio zisizozidi saa moja maji matupu yanatosha. Wala usijilazimishe kunywa kupita kiu kwa saa nyingi. Anayerudi kutoka mbio ndefu akiwa mzito kuliko alivyoondoka amekunywa kupita kiasi, na chumvi ya damu ikishuka hiyo ni hatari ya kweli.

Juisi ya miwa inahitaji neno lake, kwa kuwa inauzwa njiani tunakopita na wengi hunywa glasi moja ili "kupata nguvu". Miwa ina sukari karibu gramu 12 hadi 15 katika kila mililita 100, takriban mara mbili ya vinywaji vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanariadha. Kinywaji kizito kiasi hicho kinakaa tumboni, na kikishuka kinavuta maji kuingia kwenye utumbo. Inywe ukishamaliza. Dafu ni jepesi zaidi, lakini madafu mawili matatu kabla ya mbio yanalegeza tumbo la wengi. Ukikimbia zaidi ya saa moja na nusu na unahitaji sukari na chumvi, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ndiyo maji yaleyale anayopewa mtoto anayeharisha, na tumbo linayapokea vizuri.

Na urojo kabla ya mazoezi, hapana. Pilipili, ukwaju, bajia na viazi kwa pamoja, saa moja kabla ya kukimbia, sijamwona aliyesalimika.

Ukishapanga chakula na maji, anza polepole. Dakika 10 au 15 za mwanzo ziwe za mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima. Anayetoka mbio tangu hatua ya kwanza analinyang'anya tumbo damu ghafla. Kwa mbio za asubuhi, amka mapema, kunywa kitu cha uvuguvugu na usubiri nusu saa. Utumbo mpana huamka baada ya kitu kuingia tumboni, basi bora uamke ukiwa nyumbani.

Dawa nazo. Kuna wanaomeza flajili kila tumbo linapokata mazoezini. Hiyo ni dawa ya vimelea na baadhi ya bakteria, haiwezi kurekebisha muda wa chakula. Na wanaomeza diklofenaki au aibuprofeni kabla ya mbio ili goti lisiume, nawasihi waache. Dawa hizo zinaudhuru ukuta wa utumbo, na zikikutana na joto na upungufu wa maji, figo nazo zinaingia hatarini.

Yote niliyoeleza ni ya mtu ambaye tumbo lake linasumbua mazoezini tu. Ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukiamshwa usingizini na kuharisha, ukipata homa, ukipungua uzito bila ya kukusudia, au ukiharisha hata siku usizokimbia, usibadilishe chai wala maharage. Nenda hospitali, choo kipimwe, na ulichukue daftari lako, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa lilianza lini na linakuja saa ngapi. Maumivu makali yasiyotulia baada ya kusimama na kupumzika, hasa yakifuatana na damu, ni ya kwenda siku hiyohiyo.