Mashua nne, wavuvi kumi na sita: kuongeza watu si kukuza kazi nzima

Nyinyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa uchumi, nawaandikia juu ya swali moja lililonipotezea alama kumi. Tulipewa fomula ya uzalishaji na jedwali, tukaulizwa kama mapato ya ukubwa yanapanda, yanashuka au yako palepale. Nikaona kwenye jedwali kwamba kila mfanyakazi anayeongezwa analeta kidogo kuliko aliyemtangulia, nikajibu kwa uhakika: yanashuka. Nilikosa, na tangu nianze kuwasaidia wanafunzi wanaorudi Lamu likizo, naona wengi wao wakiingia shimo hilohilo.

Kwanza neno lenyewe. "Mapato" hapa si shilingi. Ni kile kinachozalishwa, na kwetu tuseme ni kilo za samaki. Mapato ya nyongeza ni kilo zinazoongezeka ukiongeza kitu kimoja huku vingine vyote vimesimama. Mapato ya ukubwa ni kile kinachotokea ukiongeza vitu vyote pamoja, kwa kiasi kilekile. Ni majaribio mawili tofauti, na jibu la moja halikupi jibu la lingine.

Tuchukue mashua. Ami yangu ni nahodha, na hesabu hii nilimfanyia barazani nikitumia namba za kubuni ili kipeuo kitoke sawasawa. Tuseme kuna mashua 4 na wavuvi 16, na samaki wa siku wanafuata fomula hii, ambapo Q ni kilo za samaki, K ni mashua na L ni wavuvi:

```
Q = 20 * K^0.5 * L^0.5
```

Umbo hili la vipeo ndilo ambalo Charles Cobb na Paul Douglas walilitumia mwaka 1928, na ndilo mtakalokutana nalo kila mtihani. Kipeo 0.5 maana yake ni kutafuta kipeuo cha pili. Kipeuo cha 4 ni 2, cha 16 ni 4, kwa hiyo Q ni 20 × 2 × 4, yaani kilo 160.

Sasa mashua zibaki 4, tuongeze watu tu. Wavuvi wakiwa 25, tunapata kilo 200. Wakiwa 36, tunapata 240. Tazama vizuri: kilo 40 za kwanza za nyongeza zimetaka watu 9, na kilo 40 zilizofuata zimetaka watu 11. Ukitaka 40 nyingine ufike 280, lazima wavuvi wawe 49, yaani watu 13 zaidi. Hii ndiyo kupungua kwa mapato ya nyongeza. Samaki hawapungui, wanaendelea kuongezeka. Kinachopungua ni mchango wa kila anayepanda chomboni baada ya mwenzake, kwa sababu mashua ni zilezile na nyavu ni zilezile.

Halafu rudi mwanzo, uongeze vyote maradufu: mashua 8, wavuvi 32. Nane mara thelathini na mbili ni 256, kipeuo chake 16, mara 20 ni kilo 320. Ni maradufu kamili ya 160. Fomula ni ileile. Mapato ya nyongeza yanapungua, na mapato ya ukubwa hayapandi wala hayashuki. Hapo ndipo jibu langu la mtihani lilipozama.

Ami aliuliza swali ambalo mhadhiri wangu hakuwahi kuniuliza: "Sasa ukinionyesha jedwali la watu peke yake, nitajuaje?" Jibu ni kwamba hutajua. Nikamwonyesha hivi. Weka kipeo cha wavuvi kibaki 0.5, lakini cha mashua kibadilishe: mara kiwe 0.25, mara 0.5, mara 0.75. Ile namba ya mbele, hiyo 20, irekebishe kila mara ili mwanzo ubaki kilo 160. Namba ya mbele hukuza au hupunguza kila kitu kwa pamoja, haigusi swali letu hata kidogo.

Jedwali la watu linatoka lilelile katika hali zote tatu: 160, 200, 240. Hakuna tofauti ya hata kilo moja. Lakini ukiongeza mashua na watu maradufu, hali ya kwanza inakupa karibu kilo 269, ya pili 320, ya tatu karibu 381. Moja inashuka chini ya maradufu, moja ni maradufu, moja inapita. Sababu iko wazi kwenye karatasi. Ukizidisha K na L kwa 2, ile mbili inatoka nje ya fomula ikiwa imebeba jumla ya vipeo: 2^0.75, 2^1 au 2^1.25. Kwa hiyo kuhusu wavuvi wanaoongezwa, tazama kipeo chao peke yake, kama kiko chini ya 1. Kuhusu ukubwa, jumlisha vipeo vyote, kisha ulinganishe jumla na 1.

Hali ya tatu ndiyo ambayo wanafunzi hukataa kuiamini: 0.75 na 0.5, kila kimoja chini ya 1, jumla 1.25. Kila kitu ukikiongeza peke yake mchango wake unapungua, na bado kazi nzima ikikua inazaa zaidi ya kiasi ilichokua. Upande wa pili hauna mshangao: jumla ikiwa chini ya 1 na vipeo vyote ni chanya, basi kila kipeo lazima kiwe chini ya 1.

Nikaonya jambo moja juu ya ile hali ya kilo 269, maana mtu wa pwani huikubali haraka mno. Anasema mashua zikiongezeka samaki wanagawanywa, kwa hiyo ukubwa unashusha mapato. Lakini je, umeongeza vyote? Mwamba mnaovua ni uleule. Uandike mwamba nao kwenye fomula kama R, wenye kipeo 0.25, pamoja na mashua 0.25 na wavuvi 0.5. Jumla sasa ni 1. Ukizidisha mashua na wavuvi kwa 2 huku mwamba umesimama, unapata 2^0.75, zile kilo 269 zilezile. Yaani ulichokipima si ukubwa, ni mapato ya nyongeza yanayopungua kwa sababu kuna kitu kimoja hukukiongeza. Kwa hiyo swali likisema "mapato ya ukubwa yanashuka", kabla ya kukubali, tafuta kilichobaki palepale bila kutajwa: mwamba, shamba, au nahodha mmoja anayesimamia vyombo vyote.

Mwisho nilimpa ami hesabu niliyodhani itampendeza. Kilo 320 zinapatikana kwa mashua 8 na wavuvi 32, lakini fomula ya kwanza inasema pia zinapatikana kwa mashua 4 zilezile, mradi wavuvi wawe 64. Akahesabu kwa vidole: watu kumi na sita kila mashua. "Na samaki watakaa wapi?" Hana kosa. Umbo hili la vipeo haliwezi kuonyesha chombo kilichojaa hadi mtu wa ziada akawa mzigo. Ndani yake nyongeza inazidi kuwa ndogo, lakini haifiki sifuri wala haishuki chini yake.