Slabu ya mita 10 kwa 8: maji kiasi gani, nailoni lini, siku ngapi?

*Swali: Jumamosi tunamwaga slabu ya ghorofa ya kwanza hapa Dodoma, mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, saruji ya 42.5. Maji tunanunua kwa boza. Fundi anasema tukimwagilia asubuhi na jioni kwa siku tatu inatosha. Rafiki yangu anasema nifunike kwa nailoni. Nimsikilize nani, na ninunue maji kiasi gani?*

Msikilize rafiki yako, ndugu, lakini nailoni peke yake haitoshi: iwekwe juu ya kitu kilicholowa, na iwekwe kwa wakati wake.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliochanganywa na lita 25 za maji tayari una maji ya kutosha kuifanya saruji ikomae. Tatizo ni kwamba jua na upepo wa Dodoma huanza kuyanyonya kabla saruji haijayatumia. Zege likikauka, saruji huacha kukomaa hata kama ndiyo kwanza siku ya pili. Kazi yako basi ni kuzuia maji yaliyomo yasitoroke, na kurudishia kidogo yanayopotea. Kumwagilia asubuhi na jioni hakufanyi hivyo. Slabu iliyo wazi ikimwagiwa saa moja asubuhi, kwenye jua kali hugeuka nyeupe kabla ya saa nne, kisha inakaa kavu hadi jioni. Inalowa na kukauka, inavimba na kusinyaa, na uso wake unajaa nyufa nyembamba kama za utando wa buibui.

Hatari ya kwanza huja siku ileile ya kumwaga, kabla hata zege halijashika. Likishasawazishwa, uso hung'aa kwa maji yanayopanda juu. Upepo ukiyakausha haraka kuliko yanavyopanda, uso husinyaa ukiwa bado laini na kupasuka nyufa ndefu ndani ya saa chache. Kwa hiyo anzeni kumwaga alfajiri au jioni, mfunge turubai upande upepo unakotoka, na mlowanishe fomu za mbao kabla ya kumwaga ili zisinywe maji ya zege. Ufa ukionekana zege likiwa bado laini, fundi ausugue kwa mbao mpaka ufungike. Ukishakauka, kuupaka uji wa saruji juu kunauficha tu. Na msiruhusu mtu anyunyize maji au saruji kavu juu ya uso wakati wa kulainisha: tabaka hilo la juu hubaki dhaifu na baadaye hutoa vumbi.

Wakati wa kufunika unaujua kwa kidole. Bonyeza kwa dole gumba: likiacha alama, subiri. Lisipoacha alama, pitisha kiganja chenye maji. Kisipochafuka na uji wa saruji, anzeni mara moja. Saa zinategemea joto na mchanganyiko, kwa hiyo mtu mmoja abaki akipima, hata kama ni usiku. Kuacha slabu wazi "mpaka kesho asubuhi" kunapoteza saa ambazo zege linahitaji unyevu kuliko wakati mwingine wote.

Tandika kwanza magunia ya katani yaliyoloweshwa, yakigusana bila mianya. Magunia yaliyobeba sukari au mbolea yafuliwe vizuri kabla, kwa kuwa sukari huchelewesha saruji kushika na chumvi za mbolea huharibu. Mifuko ya sandarusi haifai kwa kazi hii, haishiki maji. Juu ya magunia weka nailoni ya geji 500 au nzito zaidi. Ukipata nyeupe chukua nyeupe, maana nyeusi huvuta joto la jua. Kwa slabu yako, ukinunua yenye upana wa mita 4, vipande vitatu vya mita 11 vinatosha: kila kimoja kikilalia mwenzake kwa sentimita 30 au zaidi, na kingo zikining'inia pembeni ya slabu. Ni pembeni ndiko zege hukauka kwanza. Zikandamize vizuri kwa mbao, mchanga mbichi au matofali juu ya kila mwunganiko na kuzunguka kingo zote. Mawe manne ya kona hayatoshi. Upepo ukipenya chini ya nailoni hukausha slabu vibaya, na wewe unadhani imefunikwa.

Sasa hesabu ya maji. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa jua na upepo wa kiangazi, panga kwamba uso uliolowa na ulio wazi utapoteza karibu lita 8 kwa mita ya mraba kwa siku. Slabu yako ni mita za mraba 80, yaani lita 640 kila siku. Ukijenga kingo za udongo na kufanya bwawa la kina cha sentimita 3, unaanza na lita 2,400, kisha unaongeza zile 640 kila siku. Bwawa ni njia nzuri sana pale maji yalipo ya kutosha. Kwa magunia chini ya nailoni, lita 240 za kuanzia na kama 80 kwa siku zinatosha kwa kawaida. Siku ya kwanza na sita zinazofuata ni lita 720. Weka akiba ya lita 1,000 juu ya jengo au karibu nalo kabla ya Jumamosi. Boza likichelewa siku ya tatu, hutakuwa na la kufanya.

Onja maji kabla ya kuyanunua. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na maji ya chumvi yakikauka juu ya slabu siku baada ya siku huacha chumvi ambayo huingia na kula nondo. Yasiyonyweka yasitumike. Pia usimwage maji baridi juu ya zege lililochomwa na jua la saa saba mchana. Nyunyiza asubuhi mapema au jioni, ukiinua nailoni kipande kimoja kimoja.

Ukaguzi ufanyike mchana, wakati jua ni kali. Inua nailoni sehemu tatu au nne, pamoja na kona na upande wa upepo. Ukiona matone chini ya nailoni, magunia yamelowa na zege ni la rangi nzito, hali ni nzuri. Baka jeupe ni mahali palipokauka: palowanishe na utafute upepo unapoingilia.

Siku tatu ni chache. Kama mfuko umeandikwa CEM I 42.5, shika siku saba kamili. Ukiandikwa CEM II au CEM IV, fika siku 10 hadi 14, kwa sababu saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano na mengineyo hukomaa polepole. Siku ya mwisho acha kunyunyiza, ila nailoni ibaki siku moja au mbili zaidi ili uso ukauke taratibu. Mirunda ya chini usiiondoe eti kwa sababu tu nailoni imeondolewa. Siku yake huamuliwa na mhandisi kwa urefu wa nafasi kati ya kuta na nguvu ya zege. Ukishaondoa nailoni na uso kukauka, kwaruza kwa msumari sehemu kadhaa: ukiacha mstari mwembamba tu, sawa, ukichimba unga, mwite mhandisi kabla ya kuweka sakafu juu yake.